Pangaboi linaloyumba na kuunguruma

Zima umeme kwenye swichi kuu, panda ngazi, kisha anzia juu, si kwenye mapanga. Sukuma kombe la plastiki lililo darini ili uione bolti inayopita kwenye ndoano pamoja na raba yake. Raba ikiwa imelika, chuma hugongana na chuma, na huo ndio mngurumo unaousikia darini. Badilisha raba, kaza nati, na hakikisha pini ya usalama ipo na ncha zake zimekunjwa. Ndoano yenyewe ikicheza kwenye zege, usiliwashe tena hadi fundi aifunge upya.

Sasa futa vumbi na kaza skrubu zote za mapanga. Pima kutoka dari hadi ncha ya kila panga, ukilizungusha ili upimie sehemu ileile. Tuseme mawili yako sentimita 31 na la tatu 31.6: hilo limeinama. Shika mkono wake wa chuma karibu na mota, uinue taratibu, upime tena.

Likiendelea kuyumba, bandika sarafu kwa tepu juu ya panga moja, katikati ya urefu wake, uwashe. Jaribu kila panga. Palipotulia zaidi, isogeze kuelekea ncha au mota hadi litulie, kisha ibandike imara.

Likiunguruma kwenye mwendo mdogo tu na kunyamaza kwenye mwendo wa juu kabisa, kwa kawaida tatizo ni regyuleta ya ukutani.