Herufi 200 kwa afisa ajira usiyemjua: namna ya kuandika ombi la kuunganishwa LinkedIn

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Tanga, anayetafuta kazi katika kampuni binafsi, na amemwona LinkedIn mtu anayeshughulikia ajira ambaye hawajawahi kuonana wala kuzungumza. Unahusu jambo moja tu: ule ujumbe mfupi unaoambatana na ombi la kuunganishwa. Mfano tutakaoufuata hadi mwisho ni wa mtunza stoo mwenye diploma ya ugavi na ununuzi, aliyefanya kazi Pongwe miaka miwili. Anamwandikia afisa ajira aliyetangaza nafasi ya mtunza ghala. Afisa huyo tumwite Asha.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mtu sahihi

Kabla ya kuandika neno, soma cheo chake na machapisho yake ya karibuni. Kama ni afisa wa taasisi ya umma, tuseme bandarini, ujumbe hautakusaidia kupata nafasi, kwa sababu ajira hizo hutangazwa na kuendeshwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Afisa wa ndani hana pa kulipeleka jina lako. Kwenye miradi mikubwa kama bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, watu wengi huajiriwa na wakandarasi, si mwenye mradi, kwa hiyo mtafute afisa wa mkandarasi. Na kampuni nyingi zenye kiwanda au ghala Tanga zina ofisi ya rasilimali watu Dar es Salaam. Usimwache mtu kwa sababu tu wasifu wake unaonyesha yuko Dar. Linganisha jina la kampuni na tangazo lenyewe.

Ukimkuta anayedai pesa ya fomu au ya usaili, ishia hapo. Huyo si wa kuandikiwa.

Hatua ya 2: Jua nafasi uliyonayo

Akaunti ya bure inakupa herufi 200 kwa ujumbe mmoja. Ya kulipia inakupa 300. Nafasi kati ya maneno inahesabiwa, nukta inahesabiwa, na kuruka mstari kunahesabiwa. Tena akaunti ya bure inaruhusu jumbe chache tu za namna hii kwa mwezi. Zikiisha, unabaki na uwezo wa kutuma ombi tupu lisilo na maneno. Kwa hiyo usizimalize kwa watu kumi uliowaokota jioni moja.

Kwa Kiswahili herufi 200 zinabana kuliko unavyodhani. Maneno yetu ni marefu: «natanguliza shukrani» pekee ni herufi 20, yaani sehemu ya kumi ya nafasi yote. Ndiyo maana adabu ya barua ya kawaida haiwezi kuhamishiwa hapa ilivyo.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kile anachokiona mpokeaji. Ombi likimfikia, juu ya ujumbe wako tayari kuna picha yako, jina lako na ule mstari wa chini ya jina unaoeleza kazi yako. Kwa hiyo «Naitwa fulani, ni mhitimu wa fulani» ni kumwambia anachokisoma tayari. Hamishia taarifa hiyo kwenye ule mstari. Kwa mfano wetu uwe: «Mtunza stoo | Diploma ya ugavi na ununuzi | Tanga». Ukishaurekebisha huo kwanza, ujumbe unabaki huru kubeba kitu kingine.

Hatua ya 3: Andika rasimu nje ya LinkedIn

Fungua sehemu ya kuandikia kumbukumbu kwenye simu yako. Rasimu ya kwanza kwa kawaida hutoka hivi:

> Shikamoo Bi. Asha, samahani kwa usumbufu. Naitwa Zuhura, ni mhitimu wa diploma ya ugavi na ununuzi, mchapakazi na mwaminifu, natafuta kazi yoyote. Naomba unisaidie kupata nafasi kwenye kampuni yenu. Natanguliza shukrani.

Zihesabu: ni herufi 220. Kisanduku kitagoma hata kabla ya shukrani. Lakini urefu si kosa lake kubwa.

Anza na salamu. «Shikamoo» ni salamu ya heshima kwa mtu unayejua amekuzidi umri. Afisa ajira anaweza kuwa na miaka 27, na ukamwamkia ukiwa na miaka 35, mtaanza vibaya wote wawili. Salamu ya dini nayo inakisia imani ya mtu kwa kuangalia jina. «Habari» na «Bi.» au «Bw.» pamoja na jina lake la kwanza vinatosha, na ni heshima kamili. Kama jina halionyeshi jinsia, andika «Ndugu». «Dada», «mama», «boss» na «mkuu» viache, vinafaa mkishazoeana. «Samahani kwa usumbufu» nayo itoke, kwa kuwa inamwambia kuwa unachotaka kusema ni usumbufu kabla hajakisoma.

Halafu kuna «kazi yoyote». Kwetu ni unyenyekevu, ni kuonyesha kuwa huchagui. Kwa afisa ajira neno hilo halina pa kushika. Yeye anajaza nafasi yenye jina, na anatafuta watu kwa jina la nafasi hiyo. Mtu wa kazi yoyote hana faili la kuwekwa. «Mchapakazi na mwaminifu» ni hivyo hivyo: kila mwombaji huandika maneno hayo, na hakuna njia ya kuyathibitisha.

Kosa zito kuliko yote ni «unisaidie kupata nafasi». Ombi la kuunganishwa linajibiwa kwa kubonyeza mara moja, kukubali au kupuuza. Ukilichanganya na ombi la kazi, kukubali kunaonekana kama kuahidi, na afisa hawezi kumwahidi mtu ambaye hajamsaili. Atapuuza, na si kwa ubaya. Umemwekea uamuzi ambao hana mamlaka ya kuufanya peke yake.

Hatua ya 4: Jenga upya kwa sentensi tano

> Habari Bi. Asha. Nimeona tangazo lako la mtunza ghala, Tanga. Nimetunza stoo yenye aina 640 za vipuri, Pongwe, miaka 2. Maombi nimetuma Jumanne kwa barua pepe. Naomba tuunganishwe hapa.

Hizi ni herufi 185. Salamu imechukua 16, tangazo 44, kazi 57, maombi 39, ombi 25, na zilizobaki ni nafasi kati ya sentensi.

Sentensi ya tangazo inajibu swali lake la kwanza: kwa nini mimi? Taja nafasi kwa jina lile lile alilolitumia yeye. Kama ameandika «mtunza ghala», usigeuze kuwa «stoo kipa», maana jicho lake linatafuta neno lake.

Sentensi ya kazi ndiyo inayostahili nafasi kubwa zaidi, na ndani yake namba ndiyo inayobeba mzigo. «Aina 640 za vipuri» inamwonyesha mtu wa ajira ukubwa wa stoo bila maelezo. Chagua namba unayoweza kuieleza ukiulizwa kwenye usaili: aina za bidhaa, magari uliyopakia kwa siku, wafanyakazi wa zamu yako. Kama huna uhakika, acha namba na utaje kitu halisi, kwa mfano «stoo ya vipuri vya mashine za mkonge». Namba ya kubuni itakurudia siku ya usaili.

Sentensi ya maombi inamwondolea hofu. Umeshafuata njia iliyotangazwa, hutafuti mlango wa nyuma, na akitaka anaweza kulitafuta jina lako kwenye barua pepe za Jumanne. Kwa hiyo tuma maombi kwanza, ujumbe baadaye. Kinyume chake hakifanyi kazi.

Kama hakuna tangazo, badilisha sentensi mbili. Mahali pa tangazo taja kitu alichokiandika hadharani mwenyewe, na mahali pa maombi taja aina moja ya nafasi unayoifuatilia na eneo, kwa mfano «Nafuatilia nafasi za ghala Tanga na Muheza.» Ombi la mwisho libaki lile lile.

Kuhusu lugha, fuata anayoitumia yeye kwenye machapisho yake. Kama tangazo liko kwa Kiingereza tu, andika kwa Kiingereza kifupi na sahihi, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 5: Kutuma bila kuteleza

Kwenye kompyuta, fungua wasifu wake, bonyeza `Connect`, kisha `Add a note`, bandika ujumbe, halafu `Send`. Kama huoni `Connect`, bonyeza `More`. Watu wengine wameweka `Follow` mbele. Usibonyeze `Connect` kwenye orodha ya watu unaopendekezewa, hasa ukiwa kwenye simu, kwa sababu hapo ombi linaweza kwenda tupu papo hapo. Kwenye simu ingia kwenye wasifu, gusa vitone vitatu au `More`, utafute `Personalize invite`.

Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, soma jina. Kosa la kunakili linalotokea sana ni kuacha jina la mtu wa jana. Ombi unaweza kuliondoa kwa `Withdraw` kwenye orodha ya uliyoyatuma, ila ukishaliondoa, hutaweza kumtumia mtu huyo ombi jingine kwa muda wa hadi wiki 3. Kufikia hapo nafasi ya ghala huenda imeshajazwa.

Akikubali, na asipokubali

Akikubali, ujumbe wako unakuwa mstari wa kwanza wa mazungumzo yenu, kwa hiyo usiurudie. Subiri siku moja, kisha andika shukrani na swali moja linalojibika kwa mstari mmoja: «Asante kwa kukubali, Bi. Asha. Je, nafasi ya ghala ina zamu za usiku?» Wasifu wako wa kazi usiutume hapo bila kuombwa; tayari uko kwenye barua pepe ya Jumanne.

Akikaa kimya wiki mbili, liache ombi mahali pake. Wengi wa watu hawa hufungua LinkedIn siku wanapokuwa na nafasi ya kujaza, na ombi la zamani hulikuta hapo hapo. Usimfuate WhatsApp kwa namba uliyoipata kwa watu. Akitangaza nafasi nyingine inayokufaa, omba kwa njia aliyoitaja, kama kawaida.