Boriti ya zege iliyopasuka: jinsi ya kupata kina cha mstari sifuri na mkazo wa nondo

Mwongozo huu unafuata boriti moja tu, kuanzia vipimo vyake hadi mkazo ulio ndani ya nondo zake. Ni boriti iliyo juu ya veranda ya nyumba ya ghorofa moja eneo la Kisasa, Dodoma. Inabeba ukuta wa tofali za bloku na sehemu ya paa, haina slabu inayoungana nayo, na imekaa juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 5. Miezi michache baada ya mbao kuondolewa, mwenye nyumba aliona nyufa nyembamba upande wa chini, katikati ya boriti, akataka kujua kama nondo zimezidiwa. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama ufa, kwa sababu zege lililoimarishwa kwa nondo hupasuka upande wa chini likiwa bado katika kazi ya kawaida. Linajibiwa kwa hesabu ya mkato uliogeuzwa, yaani mkato wa boriti ambao nondo zake zimegeuzwa kuwa zege la kufikirika.

Kwanza, hakikisha kwamba boriti imepasuka kweli kwa mujibu wa hesabu. Upana wake b ni mm 230 na kimo chake ni mm 450. Uzito inaoubeba bila kuzidishwa na vigezo vyovyote vya usalama ni kN 10.5 kwa kila mita kutoka kwenye ukuta, kN 3 kutoka kwenye paa, na kN 2.5 za boriti yenyewe, yaani jumla ya kN 16 kwa mita. Kwa boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili bila kufungwa, momenti ya katikati ni:

```
M = w L² / 8 = 16 × 5² / 8 = 50 kNm
```

Tukichukua kwamba zege huvumilia mvutano wa takribani N/mm² 2.5 kabla ya kupasuka, momenti ya kupasua ni 2.5 × 230 × 450² / 6, ambayo ni takribani kNm 19.4. Hamsini imezidi hapo kwa mbali, kwa hiyo nyufa zilitarajiwa, na zege lililo chini ya mstari sifuri, yaani mpaka kati ya zege linalobanwa na sehemu inayovutwa, halihesabiwi tena kama linalobeba mvutano. Nasisitiza maneno "bila kuzidishwa", kwa kuwa wahandisi wengi huchukua momenti ile ile waliyoitumia kuchagua nondo, ambayo tayari imezidishwa kwa 1.4 na 1.6, kisha wakashangaa mkazo wa nondo unapokaribia kiwango cha kulegea. Hapa tunatafuta hali halisi ya kila siku, si hali ya kuvunjika.

Hatua ya pili ni kina cha kazi, d, yaani umbali kutoka uso wa juu wa boriti hadi katikati ya nondo za chini. Nondo ni 3 za mm 16, ringi ni za mm 8, na kava ya chini, yaani zege linalofunika ringi, ni mm 25. Basi d = 450 − 25 − 8 − 8 = mm 409. Eneo la nondo As ni 3 × 201, ambalo ni mm² 603.

Hatua ya tatu ndiyo inayoupa mkato huu jina lake. Nondo na zege vimeshikana, kwa hiyo mahali popote vinaponyooka huwa vinanyooka kwa kiasi kimoja. Chuma kina moduli ya unyumbufu ya N/mm² 200,000, na zege la nguvu ya N/mm² 25 lina takribani N/mm² 25,000 kwa uzito wa muda mfupi, ikiwa tunafuata BS 8110, kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege, ambayo bado hutumika sana nchini. Uwiano wake, n, ni 8. Maana yake ni kwamba kwa mnyooko uleule nondo inabeba mkazo mara 8 ya ule ambao zege lingebeba, na hivyo tunaweza kuiondoa nondo kwenye mchoro na kuweka mahali pake ukanda wa zege wenye eneo la n × As, yaani 8 × 603 = mm² 4,824. Ukanda huo ni wa kufikirika, na tofauti na zege halisi la chini, tunauruhusu kubeba mvutano.

Sasa tunatafuta kina x cha mstari sifuri kutoka uso wa juu. Mstari huo unapita kwenye kitovu cha mkato uliogeuzwa, kwa hiyo momenti ya eneo la juu kuuzunguka ni sawa na momenti ya ukanda wa chini:

```
b x² / 2 = n As (d − x)
115 x² = 4824 (409 − x)
x² + 41.95 x − 17157 = 0
x = −20.97 + √(20.97² + 17157) = 111.7 mm
```

Mzizi wa pili wa mlinganyo ni hasi na hauna maana hapa. Usiendelee kabla ya kurudisha jibu kwenye mstari wa kwanza: 115 × 111.7² ni takribani mm³ 1,435,000, na 4,824 × (409 − 111.7) ni takribani mm³ 1,434,000, ambazo zinalingana isipokuwa kwa kukadiria desimali. Angalia pia kwamba mstari umepanda hadi robo ya kimo kutoka juu, ilhali boriti ambayo haijapasuka ina mstari wake karibu na mm 225. Aliyezoea kuchukua nusu ya kimo atapata hapa mkazo usio sahihi hata kama hesabu nyingine zote ni safi.

Kwa mkazo, zipo njia mbili. Unaweza kutafuta momenti ya pili ya eneo la mkato uliogeuzwa, au unaweza kutumia mkono wa nguvu. Napendelea ya pili, kwa sababu ni fupi na kila namba ndani yake ina sura unayoweza kuiona. Mkazo wa zege unapungua kwa mstari mnyoofu kutoka juu hadi sifuri, na jumla ya nguvu yake inakaa theluthi ya x kutoka juu. Umbali kutoka hapo hadi nondo ndio mkono z:

```
z  = d − x/3 = 409 − 37.2 = 371.8 mm
fs = M / (As z) = 50 × 10⁶ / (603 × 371.8) = 223 N/mm²
fc = 2 M / (b x z) = 100 × 10⁶ / (230 × 111.7 × 371.8) = 10.5 N/mm²
```

Momenti imegeuzwa kutoka kNm kwenda N·mm kwa kuzidisha kwa 10⁶. Ukisahau sifuri hizo, utapata mkazo mdogo mno usio na maana. Jaribio la mwisho ni usawa wa nguvu: nondo inavuta 223 × 603, ambayo ni takribani kN 134, na zege linabana 10.5 × 230 × 111.7 / 2, ambayo ni takribani kN 135. Zikiwa zimeachana zaidi ya hapo, kuna kosa katika x au katika z. Wanaopendelea momenti ya pili ya eneo watapata mm⁴ milioni 533, na wakiweka fs = n M (d − x) / I watafika kwenye 223 ile ile.

Mkazo huo ni karibu nusu ya N/mm² 460, ambayo ni kiwango cha kulegea cha nondo hizi, na zege limebanwa kwa chini kidogo ya nusu ya nguvu yake, kwa hiyo dhana ya mstari mnyoofu inakubalika. Kumbuka tu kwamba 223 ni mkazo pale penye ufa. Kati ya ufa na ufa zege huchukua sehemu ya mvutano, na nondo inapata nafuu.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo watu hubishana nalo, yaani n. Ukuta hauondoki, na zege chini ya uzito wa kudumu hunywea na kubonyea polepole, hali ambayo jua kali na upepo mkavu wa Dodoma huizidisha endapo zege halikumwagiliwa maji ipasavyo. BS 8110 inaturuhusu kuigiza hali hiyo kwa kuchukua nusu ya moduli ya zege, na n inakuwa 16. Mlinganyo ule ule unatoa x ya mm 148, na z inashuka hadi mm 359.7. Mkazo wa nondo unakuwa N/mm² 230.5, na wa zege unashuka hadi N/mm² 8.2. Tumeiongeza n maradufu, na nondo imepanda kwa asilimia 3 tu. Sababu iko wazi: fs inategemea z pekee, na z haibadiliki sana, kwa kuwa theluthi tu ya badiliko la x ndiyo inayoigusa. Kwa hiyo usipoteze asubuhi nzima ukitafuta moduli kamili ya zege la saiti ili kupata mkazo wa nondo. Kwa kushuka kwa boriti katikati mambo ni tofauti, kwani mpindo wake unaongezeka kwa takribani asilimia 18 kati ya n ya 8 na ya 16, na huko n inastahili uangalifu.

Kinachostahili uangalifu katika fs ni d na As, na hivyo viwili havitoki kwenye kitabu, vinatoka kwenye saiti. Tuseme biskuti za kuinulia nondo zilikuwa ndefu kuliko michoro, na nondo zikakaa mm 30 juu zaidi. Kina d kinakuwa mm 379, x inakuwa mm 106.9, na mkazo wa nondo kwa n ya 8 unapanda hadi N/mm² 241.5. Hilo linavumilika. Lakini kama fundi aliweka nondo 2 badala ya 3, As inashuka hadi mm² 402, x inakuwa mm 93.9, na fs inafika N/mm² 329, ambayo haifai kupuuzwa, hasa kwa kuwa upana wa nyufa huongezeka pamoja na mkazo huo.

Katika boriti ya Kisasa, kabla ya kukubali 223, tumia kipima kava chini ya boriti katikati ya mita 5, uhesabu nondo na kusoma kina cha kila moja. Ukikosa kifaa hicho, toboa kwa uangalifu sehemu ndogo ya plasta na kava mbali na katikati, ambako momenti ni ndogo, hadi uione nondo ya kwanza, kisha pima kutoka kwenye uso wa chini wa zege, si wa plasta. Nondo zinazokatwa kabla ya kufika kwenye nguzo zinaweza kukudanganya kwenye eneo hilo, kwa hiyo chimba pale ambapo mchoro unaonyesha kwamba zote 3 bado zinapita.