Bima imekataa kurejesha gharama za matibabu: jinsi ya kukata rufaa

Dai la marejesho likikataliwa, mara nyingi taarifa huja kwa ujumbe mfupi wa simu: "Dai lako halijakubaliwa, hospitali haimo kwenye orodha." Usikate rufaa kwa kutegemea ujumbe wa namna hiyo. Iandikie kampuni uombe barua rasmi inayotaja namba ya dai, kiasi kilichokataliwa na kifungu cha mkataba walichokitumia. Rufaa hujibu kifungu. Usipokijua, utaishia kueleza jinsi ulivyoumwa na gharama zilivyokubana, na karani wa madai hana fungu la kulipia huruma.

Mwongozo huu ni wa bima binafsi za afya nchini Tanzania (wanachama wa NHIF wana utaratibu wao), na unahusu sababu moja ambayo naona inapingika kuliko nyingine nyingi: ulitibiwa kwenye hospitali isiyo na mkataba na kampuni yako, bila idhini ya awali, lakini hali ilikuwa ya dharura.

Tafuta mkataba wenyewe

Kijitabu ulichopewa pamoja na kadi ni muhtasari tu. Kama bima ni ya kazini, mkataba kamili uko kwa mwajiri, kwa hiyo muombe ofisa rasilimali watu au dalali wa bima anayehudumia kampuni yenu. Ukiupata, soma sehemu nne: maana ya "dharura", masharti ya idhini ya awali, muda wa kutoa taarifa na kuwasilisha madai, na jedwali la viwango vya mafao. Kifungu cha idhini ya awali ndicho kinachonukuliwa kukunyima, na mara nyingi msamaha wa dharura umo humo humo, sentensi moja au mbili chini yake. Barua ya kukataa inaweza kuishia kabla ya sentensi hiyo.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Dar es Salaam amekwenda Mafinga msibani. Saa tano usiku tumbo linamkaza chini upande wa kulia, anatapika. Anapelekwa hospitali ya karibu, anagundulika kidole tumbo kimevimba, na alfajiri anafanyiwa upasuaji. Analipa mwenyewe shilingi 1,840,000. Dai linakataliwa kwa kifungu cha 7.2 cha mkataba wake: kulazwa nje ya orodha kunahitaji idhini ya awali. Lakini kifungu cha 7.3 kinasema sharti hilo haliwi kikwazo kwenye dharura, mradi kampuni ipewe taarifa ndani ya saa 48. Namba hizi ni za mfano tu. Za kwako utazikuta kwenye mkataba wako.

Sasa rufaa yake ina mambo mawili tu ya kuthibitisha: kwamba ilikuwa dharura kwa maana ya mkataba, na kwamba taarifa ilitolewa ndani ya muda. La pili, picha ya skrini ya simu inayoonyesha namba ya huduma kwa wateja, tarehe na saa inatosha kuanzia. La kwanza linamtaka daktari.

Barua ya daktari

Usiridhike na cheti kinachosema "alilazwa na kutibiwa". Rudi hospitali, au mtume ndugu aliye karibu, uombe barua inayojibu maswali matatu: mgonjwa alifika saa ngapi na akiwa katika hali gani, vipimo vilionyesha nini, na kwa nini isingewezekana kumsubirisha au kumhamishia hospitali iliyomo kwenye orodha. Swali la tatu ndilo linalobeba rufaa nzima. Barua iwe na jina la daktari, namba yake ya usajili, sahihi na mhuri. Ambatanisha pia karatasi ya ruhusa. Hakikisha tarehe na saa za karatasi hizo mbili hazipingani, maana zikipingana utaulizwa.

Risiti

Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari wiki chache, inabaki karatasi nyeupe. Toa nakala na piga picha siku hiyo hiyo, na ubandike kila risiti ndogo kwenye karatasi ya A4 kwa gundi pembeni, bila kufunika maandishi. Profoma haithibitishi malipo. Kama ulilipa hospitali ya serikali kwa kontrol namba, weka stakabadhi inayoonyesha namba hiyo.

Kasoro inayorudisha madai mengi ni risiti yenye mstari mmoja: "Huduma za matibabu 1,840,000". Omba ankara yenye mchanganuo. Ya mgonjwa wetu inasomeka hivi: upasuaji 1,100,000, vipimo 170,000, dawa na vifaa 260,000, chumba cha binafsi siku tatu 240,000, chakula cha mgonjwa na ndugu 70,000. Ndani ya zile 260,000 kuna dawa za 45,000 zilizonunuliwa duka la nje, kwa hiyo nakala ya cheti cha dawa lazima iambatane na risiti ya duka, vinginevyo 45,000 hizo zitakatwa.

Kisha punguza mwenyewe kisicholipwa. Chakula hakimo kwenye mafao yake, na jedwali linaruhusu chumba cha 60,000 kwa siku wakati yeye alilala cha 80,000. Anaondoa 70,000 na 60,000, na kuomba 1,710,000. Wapo wanaoshauri uombe zote ili wakate wao. Sikubaliani nao: ukiomba kiasi kinacholingana na jedwali, mkaguzi anabaki na hoja moja ya kujadili, ile ya dharura. Angalia pia kama mkataba unasema hospitali za nje hulipwa kwa bei za hospitali zilizomo kwenye orodha. Hapo unaweza kushinda rufaa na bado ukapata pungufu.

Barua ya rufaa

Ukurasa mmoja unatosha. Kiini chake kiwe hivi:

> YAH: RUFAA DHIDI YA KUKATALIWA KWA DAI NAMBA ...
>
> Barua yenu ya tarehe ... ilikataa dai langu kwa kifungu cha 7.2. Naomba uamuzi huo upitiwe upya kwa kuwa kifungu cha 7.3 kinaondoa sharti la idhini ya awali kwenye dharura. Dharura imethibitishwa na barua ya daktari (kiambatisho A). Taarifa niliitoa siku iliyofuata saa 3 asubuhi (kiambatisho B). Naomba kurejeshewa Sh 1,710,000 kwa mchanganuo ulio kwenye kiambatisho C. Endapo mtakataa tena, naomba sababu kwa maandishi.

Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Nukuu kifungu kama kilivyo, na weka nakala ya ukurasa mzima ukiwa umepigia mstari sentensi husika. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Risiti halisi, kama bado unazo, usiziachie bila orodha iliyosainiwa.

Wakikataa tena au wakanyamaza

Unaweza kulalamika kwa TIRA, inayosimamia kampuni za bima, au kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa Msuluhishi utaulizwa kwanza kama umeshaipa kampuni nafasi ya kujibu, na hapo ndipo nakala yenye mhuri inapohitajika. Ukishafungua kesi mahakamani juu ya dai hilo hilo, usitarajie alishughulikie. Soma pia kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba wako, kwa sababu baadhi huweka ukomo wa muda unaohesabiwa tangu siku ya kukataliwa, na siku hizo zinaendelea kwenda hata wakati kampuni haijajibu barua yako.