Vekta imejipachika wapi? Hatua za kukagua tiba ya jeni ya selimundu

Kwenye maabara yetu wanafunzi wapya huniuliza swali moja: kati ya virusi na njia zisizotumia virusi, ipi salama zaidi? Swali hilo halijibiki mpaka ujue unatibu seli gani. Hapa nitatumia selimundu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe tunaujua vizuri, na tiba mbili zake zilipata kibali Marekani siku moja, tarehe 8 Desemba 2023. Lyfgenia hutumia virusi kama vekta, yaani chombo cha kupeleka jeni ndani ya seli. Casgevy haitumii.

Hatua ya 1: Uliza kama seli inagawanyika

Seli shina za damu hugawanyika maisha yote. Ukizipelekea jeni kwa AAV, virusi vidogo vinavyopendwa sana kwa ini na neva, DNA yake kwa kawaida hukaa pembeni ya kromosomu. Seli ikigawanyika, DNA hiyo hainakiliwi, na baada ya vizazi kadhaa vya seli umebaki mikono mitupu. AAV pia ina nafasi ndogo, herufi 4,700 hivi za DNA.

Kwa selimundu, basi, una njia mbili. Ya kwanza ni lentivirusi, inayoipachika jeni ya globini ndani ya kromosomu ili kila seli mtoto airithi. Ya pili ni kuhariri DNA ya mgonjwa mwenyewe. Casgevy hufungua utando wa seli kwa mshtuko wa umeme, kisha mkasi wa CRISPR huingia na kukata swichi ya BCL11A, jeni inayozima hemoglobini ya kijusi, na seli huanza tena kuitengeneza. Hapo hakuna kinachopachikwa, ila kuna kukata, na mkato nao unaweza kuangukia pasipotakiwa au kung'oa kipande kikubwa cha DNA. Ukaguzi wake ni wa namna nyingine. Kuanzia hapa nafuata lentivirusi.

Hatua ya 2: Soma ramani ya vekta kabla ya kugusa seli

Mwaka 1999 madaktari wa hospitali ya Necker, Paris, walianza kuwatibu watoto waliozaliwa bila kinga kutokana na kasoro ya jeni ya IL2RG. Walitumia virusi vya panya vya jamii ya gamaretrovirusi. Kinga ilirudi. Lakini mwaka 2002 ilijulikana kwamba mtoto mmoja amepata leukemia, aina ya saratani ya damu, na mwishowe wakawa wanne Paris, na mmoja zaidi katika jaribio kama hilo London. Mmoja wa watoto hao alifariki.

Kilichotokea ni hiki. Virusi vile vina ncha mbili ziitwazo LTR, na ndani ya LTR mna enhansa, yaani kipande cha DNA kinachoamsha jeni hata zilizo mbali nacho. Katika wengi wa watoto hao vekta ilikuwa imetua karibu na LMO2, jeni ambayo seli T iliyokomaa huizima. Enhansa ikaiwasha, na seli ikaanza kuzaana bila breki.

Kwa hiyo fungua ramani ya plasmidi, duara la DNA linalotumika kutengeneza vekta, uangalie LTR ya mwisho, ile ya upande wa 3'. Katika vekta za kisasa, takriban herufi 400 za U3, sehemu ya LTR yenye enhansa, zimeondolewa, na virusi vinapojinakili pengo hilo huhamia ncha zote mbili. Vekta ya namna hii huitwa SIN, yaani inayojizima yenyewe. Ukikuta U3 nzima, rudisha plasmidi ilikotoka.

Halafu tazama promota ya ndani, yaani swichi inayoiwasha jeni iliyobebwa, kwa sababu SIN peke yake haitoshi. Skysona, tiba ya ugonjwa wa ubongo uitwao adrenolukodistrofi, ni lentivirusi ya SIN, ila ndani yake imewekwa MNDU3, promota kali inayofanya kazi karibu kila mahali. Kufikia ripoti ya mwaka 2024, kati ya wagonjwa 67 waliofuatiliwa, 7 walikuwa wamepata saratani ya damu, na jeni ya saratani ambayo vekta ilikutwa imetua kwake mara nyingi ni MECOM. Vekta ya Lyfgenia hutumia swichi za beta-globini, ambazo huwaka hasa kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. Kwenye seli shina zimelala, na jirani hasumbuliwi sana.

Hatua ya 3: Hesabu kopi

Kipimo ni PCR ya matone. Unapima psi, kipande kilichomo kwenye vekta tu, na RPP30, jeni ya binadamu yenye kopi 2 kwa kila seli. Unachotafuta ni VCN, yaani wastani wa kopi za vekta kwa kila seli. Tuseme umepata 1,260 na 1,400:

```
VCN = 2 × psi / RPP30
VCN = 2 × 1260 / 1400 = 1.8
```

Usifurahie 1.8 haraka, huo ni wastani. Otesha seli zilezile kwenye jeli ya methiliselulosi, ngoja wiki mbili, chuma koloni moja moja, kila koloni ikiwa imetokana na seli moja. Kati ya koloni 40, 24 zikiwa na vekta, ni asilimia 60. Gawa 1.8 kwa 0.6, upate kopi 3 kwa kila seli iliyobeba. Bado tuko chini ya 5, kikomo kinachozoeleka, lakini kila kopi ni karata moja zaidi ya kutua pabaya.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupima siku ya tatu. Wakati huo mna DNA ya virusi isiyojipachika na mabaki ya plasmidi, navyo vyote vina psi. Mimi mwenyewe niliwahi kushangilia VCN ya 7 iliyoshuka hadi chini ya 2 baada ya siku 14.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa kutua, na urudie

Vunja DNA kwa mawimbi ya sauti, unganisha adapta, vipande vifupi vya DNA unavyovijua, kwenye ncha, kisha kuza kipande kinachoanzia LTR na kuingia kwenye kromosomu. Soma herufi, zilinganishe na jenomu. Usihesabu idadi ya visomo, maana PCR hupendelea vipande vifupi. Hesabu sehemu tofauti za kuvunjika: kila moja inawakilisha seli tofauti.

Damu yenye afya huonyesha maelfu ya sehemu, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Chukua mfano wa kubuni: sehemu moja karibu na MECOM ni asilimia 2 mwezi wa 6, 9 mwezi wa 12, 31 mwezi wa 18. Namba moja kubwa yaweza kuwa bahati. Kupanda katika vipimo vitatu mfululizo karibu na jeni ya saratani ni kengele, hata kama chembe za damu zinahesabika kawaida.

Hatua ya 5: Usiilaumu vekta kabla ya kupima

Februari 2021 majaribio ya dawa ambayo baadaye ikaitwa Lyfgenia yalisimamishwa, mgonjwa mmoja alipopata leukemia. Vekta ilikutwa ndani ya seli za saratani, kwenye jeni ya VAMP4. Lakini VAMP4 haikujulikana kusababisha saratani, na jeni za jirani hazikuonekana kuvurugwa kwa maana yoyote. Seli hizo, kwa upande mwingine, zilikuwa zimepoteza kromosomu moja ya 7 na zilikuwa na mabadiliko kwenye RUNX1 na PTPN11. Vekta ilikuwa abiria, dereva alikuwa mwingine.

Kwa hiyo pima kiasi cha RNA cha jeni za jirani, kisha soma jeni za saratani katika seli hizo. Kumbuka pia kwamba mgonjwa amepewa busulfani kusafisha uboho, dawa inayoweza kuharibu DNA yenyewe, na wa Casgevy hupewa vilevile.

Yote haya yanahitaji sampuli ya uboho iliyochukuliwa kabla ya tiba. Igandishe katika mirija kadhaa, kwenye friza mbili tofauti, kwa sababu ufuatiliaji wa vekta zinazojipachika ni wa miaka 15 na umeme hukatika.