Somo: Kusitisha huduma bila kupiga simu

Masikio yangu hayashiki sauti za simu, na kampuni ya intaneti niliyokuwa nayo Tudor, Mombasa, ilinijibu hivi kwa maandishi: "Ukitaka kuacha, piga simu." Nilifanya hivi.

Kwanza, usikimbilie kuzuia malipo benki. Hapo ndipo wengi wetu huumia. Mkataba wa mwezi kwa mwezi haufi kwa kukosa pesa, deni huendelea kupanda. Soma kipengele cha kusitisha, utaona siku za notisi. Wangu ulisema 30.

Pili, andika barua fupi: jina, namba ya akaunti, tarehe ya mwisho, na sentensi hii: "Mimi ni kiziwi, siwezi kutumia simu, nijibuni kwa maandishi." Niliongeza kwamba Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Tatu, chapa nakala mbili, uzipeleke dukani kwao mwenyewe. Moja waichukue, nyingine waigonge muhuri wenye tarehe. Karani wangu alitaka kunipa namba ya simu tena! Nikamwonyesha ile sentensi, nikasubiri. Muhuri ulisema 4 Machi, kwa hiyo notisi iliisha 3 Aprili. Malipo yangu hukatwa benki kila tarehe 5: ya Machi niliyaacha yapite, kisha 4 Aprili nikafuta oda ya kudumu.

Ruta nayo, ikiwa ni yao, irudishe upewe risiti yenye namba ya mashine. Bila hiyo watakudai bei yake.

Maswali

*Mama wa Kisauni:* Binti yangu aliipigia kampuni simu kwa niaba yangu, wakasema wanataka kusikia sauti ya mwenye akaunti.

*Jibu:* Asijifanye wewe, dada, simu hurekodiwa. Aseme tangu mwanzo kuwa anamsemea mamake kiziwi aliye kando yake. Wakikataa, mpe barua ya idhini na nakala ya kitambulisho chako, aipeleke dukani.

*Kijana wa Likoni:* Kampuni yangu haina ofisi huku pwani.

*Jibu:* Tuma kwa rejista pale Posta ya Barabara ya Digo, na siku hiyohiyo uitume kwa barua pepe. Risiti ya posta ndiyo muhuri wako.

*Mzee wa Changamwe:* Nilishawaandikia, kimya. Pesa bado zinakatwa.

*Jibu:* Pole mzee. Kama ni simu au intaneti, peleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano, ambatanisha barua uliyoandika na taarifa ya benki. Wao hutaka kwanza uwe umemlalamikia mtoa huduma, na wewe umeshafanya hivyo. Kama ni huduma nyingine, mfano jimu, hao hawahusiki.