Nukta na misalaba: tafuta metali kwanza
Kabla ya kuchora elektroni za nje za kampaundi kwa nukta na misalaba, angalia kama kuna metali. Ikiwepo, huwa inaachia elektroni za nje. Katika MgCl₂, magnesiamu hutoa misalaba yake 2 na kila klorini hupokea 1. Chora Mg²⁺ na Cl⁻ mbili kwenye mabano, duara zisigusane. Zikiwa simetali tupu, kama HCl, hakuna inayoachia: duara zipishane, jozi 1 ikae katikati. Kisha hesabu elektroni za nje zote. MgCl₂ ina 2+7+7, yaani 16. Ukipata 18, umehamisha misalaba bila kuifuta kwa magnesiamu. Kosa hili ni la kawaida mno. Njia hii hukwama kwa NH₄Cl: haina metali, lakini NH₄⁺ na Cl⁻ ni ioni, na ndani ya NH₄⁺ elektroni zinashirikishwa.