Somo: 00:35 na 12:35 kwenye tiketi, ipi ya usiku na ipi ya mchana

Katika kazi hii ya kukata tiketi, saa ninazomrudishia mteja mara mbili kabla hajaondoka dirishani ni zile zinazoanza na 00 na zile zinazoanza na 12. Nyingine watu huzimudu wenyewe. Mtu akiona 15:20 anatoa 12, anapata 3:20, na anajua hiyo ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ila 00:35 imewakosesha watu safari, na mmoja wao ni shangazi yangu.

Alikuwa anakwenda Maskati kwa binti yake aliyejifungua. Tiketi yake, ambayo hakuikata kwangu, ilisema anaondoka Dar es Salaam Ijumaa tarehe 14, saa 00:35. Alipoambiwa kuwa hiyo ni usiku, akaunganisha Ijumaa na usiku, akaswali isha Ijumaa hiyo, akaagana na majirani, akafika uwanja wa ndege saa nne usiku. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia, saa ishirini na moja na zaidi kabla hajafika. Alikuwa ameisoma saa sawasawa. Alichokosea ni usiku wenyewe. Nitaanza na saa, kisha nitafika hapo kwenye usiku, kwa sababu ndipo panapoumiza.

Hatua ya kwanza: tazama tarakimu mbili za mwanzo tu. Dakika ziache zilivyo, hazibadiliki kamwe. Ukikuta 01 hadi 11, saa inabaki ileile na unaiandikia AM: 09:10 ni 9:10 AM. Ukikuta 13 hadi 23, toa 12 na uandike PM: 21:40 ni 9:40 PM. Hapo hapana shida, tusonge.

Hatua ya pili: 00 na 12 zina kanuni yake. Ikianza na 12, usitoe wala usiongeze kitu, andika PM: 12:35 ni 12:35 PM, mchana. Ikianza na 00, ongeza 12 na uandike AM: 00:35 ni 12:35 AM, usiku. Ukijikuta umepata 0:35 kama jibu, ujue umetoa 12 mahali pasipotakiwa, maana kwenye mtindo wa saa 12 hakuna saa sifuri. Itazame saa ya ukutani: inaanzia 12 pale juu, inafuata 1, 2, 3 hadi 11. Hiyo 12 ya juu ndiyo inayoshika nafasi ya sifuri.

Wengi hujiuliza inakuwaje 11:59 iwe AM halafu dakika moja baadaye 12:00 iwe PM, wakati 12 ni kubwa kuliko 11 na ingefaa ziende pamoja. AM ni kifupisho cha Kilatini chenye maana ya kabla ya adhuhuri, na PM ni baada ya adhuhuri. Jua likishapita utosini, hata kwa dakika moja, adhuhuri imepita. Kwa hiyo 12:01 mchana haiwezi kuwa AM. Vivyo hivyo 12:01 usiku: siku mpya imeanza na adhuhuri yake bado iko mbele, basi ni AM.

Hatua ya tatu: ilete kwenye saa yetu. Hapa ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kazi moja zaidi. Njia ninayowaonyesha wateja haina hesabu: chukua saa yoyote ya mishale, weka kidole kwenye namba uliyopata, kisha soma namba inayoikabili upande wa pili. Inayoikabili 12 ni 6, inayoikabili 1 ni 7, inayoikabili 9 ni 3. Kwa hiyo 12:35 PM ni saa sita na dakika thelathini na tano mchana, na 12:35 AM ni saa sita na dakika thelathini na tano usiku.

Jihadhari na ulimi. Mtu anaona 12:35 na mdomo unataka kusema saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Akishaisema hivyo, kichwani inakuwa machweo au macheo, na hapo amekosea kwa saa sita nzima. Namba 12 kwenye ratiba ya namna hii sisi tunaitamka sita, kila mara.

Jambo jingine ni kasorobo. 12:45 hatuiiti saa sita na dakika arobaini na tano tunapozungumza, tunasema saa saba kasorobo. Ni sahihi kabisa, lakini aliyeambiwa kwa simu husikia "saba" na kuisahau "kasorobo". Ukimtumia mtu ujumbe kuhusu safari, mwandikie na namba zilizoko kwenye tiketi pembeni.

Hatua ya nne: tafuta usiku wenyewe. Tarehe hubadilika saa sita usiku. Kwa hiyo 00:35 ya Ijumaa ni dakika thelathini na tano za mwanzo kabisa za Ijumaa, wakati wewe uliyekesha bado unajihesabu uko Alhamisi. Usiku huo una jina zuri kwa Kiswahili: usiku wa kuamkia Ijumaa. Mimi naliandika kwa kalamu juu ya tiketi.

Nalitumia hilo na si "usiku wa Ijumaa", kwa kuwa "usiku wa Ijumaa" una maana mbili. Wazee wengi wa pwani, wanaohesabu siku kuanzia magharibi, wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Kijana wa mjini akisema hivyohivyo anakusudia Ijumaa yenyewe baada ya kazi. "Kuamkia" haina njia mbili.

Sasa turudi kwa tiketi ya shangazi, tuifanye ilivyotakiwa. Ijumaa tarehe 14, 00:35. Inaanza na 00, naongeza 12, ni 12:35 AM. Nasoma upande wa pili wa saa: saa sita na dakika thelathini na tano usiku. Tarehe 14 ndiyo kwanza imeanza, basi ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Uwanjani anatakiwa saa tatu kabla, na kutoa saa tatu kunaturudisha 21:35 ya Alhamisi tarehe 13, yaani saa tatu na dakika thelathini na tano usiku. Jibu analopaswa kupewa msafiri ni hilo la mwisho: uwe uwanjani Alhamisi, saa tatu na nusu usiku.

Linganisha na 23:45 ya Ijumaa. Hiyo ni 11:45 PM, saa sita kasorobo usiku. Kwa mdomo, saa sita kasorobo na saa sita na robo zimekaribiana, nusu saa tu. Lakini kwenye tarehe 14, ya 23:45 iko mwisho wa Ijumaa na ya 00:15 iko mwanzo wake. Kati yake kuna saa ishirini na tatu na nusu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tanga:* Shikamoo mwalimu. Saa sita kamili ya mchana, isiyo na dakika, ni AM au PM? Mwanangu kaandika AM kakosa.

Marahaba. Ukizifuata maana za Kilatini, wakati huo si kabla wala si baada, ndiyo adhuhuri yenyewe. Lakini simu, kompyuta na ratiba nyingi zinazotumia AM na PM zinaiandika 12:00 PM, na saa sita kamili usiku zinaiandika 12:00 AM. Kwenye mtihani ajibu hivyo. Ukiandika tangazo la watu, andika "saa sita kamili mchana" na hakuna atakayeuliza.

*Kutoka Mombasa:* Niliweka kengele ya simu 12:30 niamke usiku nimpeleke mgeni stesheni. Haikulia hadi mchana wa kesho yake.

Pole sana ndugu yangu. Uliiacha kwenye PM. Ya usiku ni 12:30 AM. Simu nyingi za Android, ukishahifadhi kengele, huonyesha kwa muda mfupi zimebaki saa ngapi hadi ilie. Ukiiweka saa tatu usiku na ikakuambia zimebaki saa tatu na nusu, ni sawa. Ikikuambia kumi na tano na nusu, umeweka ya mchana. Au nenda kwenye mipangilio ya saa uwashe `Use 24-hour format`, ndipo utaandika 00:30 na suala la AM na PM linaisha.

*Kutoka Kigoma:* Tiketi ya basi imeandikwa kwa mkono 12:00. Nikitumia kanuni yako ni saa sita mchana, ila wenzangu wanasema basi linaondoka alfajiri.

Wasikilize wenzako, dada, halafu mpigie wakala uhakikishe. Kanuni yangu ni ya ratiba ya saa 24. Tiketi za mkono mara nyingi huandikwa kwa saa ya Kiswahili, na hapo 12:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Angalia namba nyingine kwenye karatasi hiyohiyo: ukiona yoyote kuanzia 13 kwenda juu, au inayoanza na 00, hiyo ni saa 24. Ukiona neno "asubuhi" au "jioni" limefuata, ni saa yetu. Ikiwa hakuna dalili yoyote, usikisie. Muulize, "Jua litakuwa bado halijachomoza au litakuwa utosini?"

*Kutoka Dodoma:* Nimekuta ratiba yenye 24:00. Ni tofauti na 00:00?

Ni wakati uleule, ila tarehe zinahesabiwa tofauti. 24:00 ya Alhamisi ni mwisho wa Alhamisi, na 00:00 ya Ijumaa ni mwanzo wa Ijumaa. Zote mbili ni saa sita kamili, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ndiyo maana wapangaji wengine wa safari huikwepa kabisa saa hiyo na kuandika 23:59 au 00:01.

*Kutoka Unguja:* Na shangazi alipopata tiketi nyingine, kufika kuliandikwa 06:55. Hiyo ni saa ya kwetu au ya kule?

Ya kule. Kila saa kwenye tiketi ya ndege ni ya mji ulioandikwa kando yake. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo 06:55 yao, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, huku kwetu ilikuwa 05:55. Toa 00:35 aliyoondokea, unapata saa tano na dakika ishirini angani. Safari hiyo ya pili ilikuwa Jumatano. Nilimfikisha uwanjani mimi mwenyewe, Jumanne saa tatu usiku.